Saa mbili ya nani? Tangazo moja la mkutano kwa walio Wete, Maskati, London na Toronto

*Assalaam alaykum. Mimi ni katibu wa jumuiya ya watu wa mtaa wetu hapa Wete. Wanachama wengine wako Maskati, Kopenhagen, London na Toronto. Mara iliyopita niliandika "usiku wa Ijumaa, saa 2". Wengine wakaingia Alhamisi, na kijana mmoja wa London akauliza kwa nini tunakutana alfajiri. Sasa tuna mkutano Jumamosi 31 Oktoba 2026, saa mbili za usiku kwetu. Niandike vipi hata asiwepo wa kukosea?*

Wa alaykumu salaam, Katibu. Liandike hivi, kila mji na mstari wake:

Mkutano: Jumamosi, 31 Oktoba 2026
Zanzibar: Jumamosi 20:00, saa mbili za usiku, UTC+3
Maskati: Jumamosi 21:00, saa tatu za usiku
Kopenhagen: Jumamosi 18:00, saa kumi na mbili za jioni
London: Jumamosi 17:00, saa kumi na moja za jioni
Toronto: Jumamosi 13:00, saa saba za mchana
Tunamaliza 21:30 kwa saa za Zanzibar.

Unaweza kulinakili kama lilivyo, lakini usilitumie tena mwezi wa Novemba bila ya kulipitia. Mstari mmoja kati ya hiyo utakuwa umeshaharibika, na huko chini utaona ni upi na kwa nini.

Tuanze na yule kijana wa London. Hakukosea kusoma: alisoma ulichoandika. Sisi tunaanza kuhesabu saa kunapopambazuka, na saa ya kwenye simu inaanza kuhesabu katikati ya usiku, kwa hiyo baina ya hesabu mbili hizo pana saa sita. Kwa kuwa uso wa saa una namba kumi na mbili tu, ukijumlisha sita au ukitoa sita unafika pale pale. Nane ukitoa sita ni mbili, na mbili ukijumlisha sita ni nane. Hapo ndipo mtego ulipo. Ukiandika "saa 2 usiku", aliyekulia London anaona 02:00, yaani saa nane za usiku wa manane. Basi unasema ngoja nimrekebishie, unaandika "saa 8 usiku". Sasa yeye ameelewa, ila bibi yake aliyeko Wete anasoma saa nane za usiku, na hiyo ni 02:00 ile ile. Maandishi mawili yanayotofautiana, wasomaji wawili tofauti, na wote wanaishia kwenye saa moja isiyokuwepo. Ndiyo maana kubadilisha namba peke yake hakusaidii; unamhamisha tu anayekosea.

Dawa yake ni kugawa kazi. Tarakimu zibakie kwa saa ya simu, maneno yabakie kwa saa ya Kiswahili, na visichanganywe hata siku moja. "20:00, saa mbili za usiku" ina vitu viwili vinavyothibitishana: anayesoma tarakimu ana zake, anayesoma maneno ana yake, na mwenye kujua zote mbili atagundua papo hapo kama wewe mwenyewe umekosea kugeuza. Tazama pia kwamba mbele ya 20:00 sikuandika neno "saa". Si kwa kubana maneno. Neno hilo ndilo linalomvuta msomaji wa Kiswahili aanze kuhesabu kwa hesabu ya nyumbani, na ukiandika "saa 9:30" umemwachia achague mwenyewe baina ya tisa na nusu na tatu na nusu.

Uzuri wa 20:00 ni kwamba katika saa ya Kiswahili hakuna namba inayozidi kumi na mbili. Kila kuanzia 13:00 kwenda juu hakiwezi kuwa cha Kiswahili, hata mtu akitaka. Asubuhi haina kinga hiyo. Mkutano wa 10:00 Zanzibar ni saa nne za asubuhi, lakini mtu anaweza kuiona ile kumi akaingia alasiri, saa kumi. Kwa mikutano ya kabla ya 13:00 maneno si mapambo, ndiyo yanayobeba tangazo. Ndiyo sababu nyingine ya kuupenda mkutano wa usiku wa Zanzibar: kwa saa uliyochagua, miji yote mitano imeangukia 13:00 au zaidi.

Jengine la kuchunga ni kasorobo. 19:45 ni saa mbili kasorobo, si saa moja kasorobo, na 20:45 ni saa tatu kasorobo. Anayegeuza kwa haraka huiona 20 akasema mbili, kisha akaongeza kasorobo, na akajikuta amewaita watu saa nzima kabla. Anzeni saa kamili au nusu, mtapumzika.

Walioingia Alhamisi nao walikuwa na haki yao. Kwa hesabu yetu ya asili, na ya dini, siku inaingia jua linapotua. Magharibi ya Alhamisi ikishaingia, usiku ule ni usiku wa Ijumaa, na mzee yeyote wa Pemba atakwambia hivyo. Kwa hesabu ya kalenda ya simu, usiku wa Ijumaa unakuja baada ya mchana wa Ijumaa, takriban saa ishirini na nne baadaye. "Usiku wa kuamkia Ijumaa" kungemwondolea shaka mtu wa Wete, lakini kijana mwenye Kiswahili cha kusikia nyumbani tu atashika neno la mwisho, Ijumaa, na kuliweka kwenye kalenda. Kwa tangazo linalovuka bahari, siku iwe ile ya kalenda, itangulie peke yake, na tarehe iifuate: "Jumamosi, 31 Oktoba 2026". Neno usiku lisiguse jina la siku, likae huko kwenye saa.

Jina la siku na tarehe viandikwe vyote viwili, kwa sababu kimoja kinakagua chenzake. Ukiteleza ukaandika "Jumamosi, 30 Oktoba", mtu atauliza, maana tarehe 30 ni Ijumaa. Ukiandika tarehe peke yake hakuna atakayejua. Na mwezi uandike kwa jina. Tarehe 10/11/2026 kwetu na London ni Novemba kumi, lakini huko Amerika ya Kaskazini wengi wataisoma Oktoba kumi na moja.

Maneno "leo" na "kesho" yaache kabisa. Ujumbe wa WhatsApp unatumwa leo, unapelekwa kwa mwengine usiku, na wa tatu anausoma asubuhi akiwa keshaingia kwenye "kesho" ile. Hali kadhalika "baada ya Isha". Kwa Wete inatosha, kwa sababu Magharibi yetu haisogei sana mwaka mzima. Tuko karibu na ikweta. London jua linatua baada ya 21:00 mwezi wa Juni, na kabla ya 16:00 katikati ya Disemba. Kwa wanachama wako wa kule, "baada ya Isha" ni saa inayotembea.

Sasa tufike penye kazi hasa, yaani mahali. Zanzibar iko saa tatu mbele ya UTC, ambayo ni saa ya rejea ya dunia nzima, na haibadiliki mwaka mzima. Maskati ni UTC+4 mwaka mzima, Dubai vile vile, kwa hiyo wa huko ni saa moja mbele yako siku zote, na mstari wao huna haja ya kuugusa tena. Wanaosumbua ni wa Ulaya na Kanada, kwa sababu wao husogeza saa mbele majira ya joto na kuzirudisha baridi ikikaribia. Na hawazirudishi siku moja. Ulaya hurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwaka 2026 ni tarehe 25. Toronto inarudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, ambayo mwaka huo ni tarehe mosi. Mkutano wako wa tarehe 31 umekaa katikati, ndani ya wiki moja ambayo London imesharudisha na Toronto bado.

Weka Jumamosi tatu zinazofuatana, zote 20:00 kwa Zanzibar, uone. Tarehe 24 Oktoba: Kopenhagen 19:00, London 18:00, Toronto 13:00. Tarehe 31 Oktoba: Kopenhagen 18:00, London 17:00, Toronto 13:00 bado. Tarehe 7 Novemba: Kopenhagen 18:00, London 17:00, Toronto 12:00. Wewe hujasogea hata dakika, lakini kila wiki kuna aliyesogea. Mtu wa London aliyezoea kusema "Zanzibar ni saa mbili mbele yetu" ataingia 18:00, na atakuta mmeshazungumza saa nzima. Na yule wa London na ndugu yake wa Toronto, ambao kwa kawaida hupishana saa tano, wiki hiyo wanapishana nne. Wakikubaliana wao kwa wao bila ya kutazama tangazo lako, mmoja atapotea.

Huo mstari wa Toronto ndio unaoharibika Novemba. Na ukifika 12:00 umeondoka kwenye usalama wa 13:00, kwa sababu msomaji wa Kiswahili akiiona kumi na mbili anafikiria machweo au mapambazuko. Hapo maneno "saa sita za mchana" ni lazima. Majira ya kuchipua yana pengo kama hilo, tena refu zaidi: mwaka 2027 Toronto inasogeza mbele tarehe 14 Machi na Ulaya tarehe 28 Machi. Weka alama kwenye kalenda ya jumuiya. Mkutano wowote utakaoangukia baina ya tarehe hizo uhesabiwe upya mji kwa mji, usinakili tangazo la mwezi uliopita.

Kuhesabu kwenyewe ni hatua mbili. Toa tatu kutoka saa ya Zanzibar upate UTC: 20:00 inakuwa 17:00. Kisha jumlisha au toa za kila mji kwa tarehe hiyo. London baada ya tarehe 25 Oktoba ni sifuri, inabaki 17:00. Kopenhagen jumlisha moja. Maskati jumlisha nne. Toronto toa nne mpaka tarehe mosi Novemba, baadaye toa tano. Usiruke hatua ya UTC ukaenda moja kwa moja mji kwa mji. Tofauti za mji kwa mji ndizo zinazobadilika kimya kimya, na ndizo watu wanazokariri.

Ndiyo maana pia nimeandika "UTC+3" badala ya herufi za majina ya saa. BST kwa Mwingereza ni saa yake ya majira ya joto, lakini herufi hizo hizo ni za Bangladesh. EST watu wa Toronto huitaja mwaka mzima kwa mazoea, ingawa majira ya joto saa yao si hiyo, ni EDT, na zinapishana saa moja. GMT nayo wengi wanadhani ni "saa za London", kumbe London huiacha tangu mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Oktoba. Mkutano wa Julai ukiandikwa "17:00 GMT" kwa kukusudia London, umeshakosewa kwa saa moja. Hata "saa za Afrika Mashariki" ina utata wake. Ni jina sahihi la saa yetu, lakini Rwanda na Burundi zimo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na saa zao ni UTC+2, na mtu wa Bujumbura ana haki ya kudhani umemsemea yeye. Andika "Zanzibar" na "UTC+3". Hakuna Zanzibar nyengine ya kushindana nayo.

Kila mstari una jina la siku ingawa zote ni Jumamosi. Kwa mkutano huu unaweza kuona ni kurudia bure. Lakini siku mkikutana 23:30, Maskati itakuwa 00:30 na Jumapili imeshaingia, hali Toronto bado ni Jumamosi mchana. Ukizoea kuiandika hutoisahau siku hiyo. Mkutano wa 00:00 usiuite kabisa: hakuna anayekubaliana kama ni mwanzo wa siku au mwisho wake.

Sura ya tangazo nayo ina hukumu yake. Usipange miji kwa jedwali lenye nafasi, maana kwenye simu ndogo mistari hukatika na 17:00 ya London ikaangukia chini ya Toronto. Usilitume kama picha tu, kwa sababu watu hawawezi kunakili mstari wao kutoka kwenye picha. Na ujumbe wa sauti ukisema "saa mbili" unaturudisha tulikotoka. Tuma maandishi, sauti ifuate ikiwa lazima.

Kama mnatumia mwaliko wa kalenda, simu ya kila mtu itageuza yenyewe, na hiyo ni bora kuliko hesabu ya mtu yeyote. Sharti ni kwamba aliyeuunda aseme mkutano umefungwa kwenye saa za wapi. Kwenye orodha ya kanda chagua Africa/Nairobi au Africa/Dar_es_Salaam. Zote mbili ni UTC+3 kama Zanzibar. Ndani ya faili mistari inakuwa hivi:

```
DTSTART;TZID=Africa/Nairobi:20261031T200000
DTEND;TZID=Africa/Nairobi:20261031T213000
```

Tatizo linakuja pale mwanachama wa London anapojitolea kuunda mwaliko wa kila mwezi kwa niaba ya wote. Simu yake inaufunga kwenye Europe/London bila ya kumwuliza. Kuanzia Aprili mpaka Oktoba mambo ni shwari: 18:00 yake, 20:00 yako. Saa za kule zikirudi nyuma, 18:00 yake inabaki 18:00, na mkutano wako Wete unahamia 21:00 wenyewe. Ukiona mkutano wa kudumu umesogea saa moja kwenye simu za Pemba na Unguja, na haukusogea kwenye simu za Ulaya, jua umefungwa kwao. Kuubadilisha saa hakutoshi, maana Machi utasogea tena. Fungua mwaliko, badilisha kanda, kisha uhakikishe bado unasoma 20:00 kwako.

Kabla ya kutuma kwa wote, mpelekee mtu mmoja wa kila mji na umwulize swali moja: "Kwako ni siku gani, na simu itaonesha tarakimu gani?" Usimwulize kama ameelewa, atakwambia ndiyo. Akikujibu tofauti na mstari wake, ukubwa wa tofauti unakwambia kosa liko wapi. Saa moja ni kusogezwa kwa saa za majira. Saa sita, au kumi na nane, ni mgongano wa saa ya Kiswahili na ya simu. Kumi na mbili ni usiku kusomwa asubuhi. Siku nzima kamili ni "usiku wa" umerudi kinyemela.

Na ukishatuma ukagundua kosa, usiuhariri ujumbe wa mwanzo ukanyamaza, kwa sababu nakala zake zimeshapelekwa kwenye makundi mengine na hazitaharirika. Tuma mpya, mstari wa juu kabisa ukisema "Tangazo la pili, linafuta la kwanza", halafu orodha yote ya miji upya, hata kama kilichobadilika ni mji mmoja.